Wasifu mfupi wa mtaalamu wa Msumbiji anayetafuta kazi ya korosho Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu waliosoma na kufanya kazi Msumbiji, hasa Nampula na Cabo Delgado, ambao sasa wanaishi huku kwetu na wanaomba kazi kwenye viwanda vya kubangua korosho, maghala na kampuni zinazonunua korosho mnadani. Nimekaa miaka kadhaa upande wa kuajiri katika kiwanda cha korosho, na barua nyingi kutoka kwa wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma zimepita mezani kwangu. Wengi wao kazi wanaijua vizuri. Shida iko kwenye ile aya moja ya mwanzo, pale mtu anapojieleza yeye ni nani.

Wasifu mfupi ni nini, na una tofauti gani na CV?

Ni aya moja, maneno kama mia moja na hamsini hivi, inayokaa juu kabisa ya CV au ndani ya barua ya maombi. CV inaorodhesha, wasifu mfupi unaeleza. Kwa mtu aliyesoma Mtwara hapa hapa, aya hiyo anaweza hata kuiacha, maana mwajiri akiona jina la chuo na neno "stashahada" anajua la kufikiri. Kwako wewe aya hiyo ndiyo inayomwambia afisa utumishi, ambaye Kireno hasomi na Nampula hajafika, vyeti vyako avisomeje.

Cheti changu kimeandikwa Técnico Médio. Niseme ni stashahada?

Usiseme hivyo bado. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na wanajikwaa kwa nia njema kabisa.

Kwa mfumo ambao wengi wenu mmepitia, mtu anamaliza darasa la kumi, kisha anasoma chuo cha ufundi miaka mitatu na kutoka na Técnico Médio. Kwetu Tanzania mtoto anasoma miaka saba ya msingi, minne ya sekondari hadi kidato cha nne, halafu chuo miaka mitatu akipanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita za NTA, na hiyo ya sita ndiyo stashahada. Ukiangalia kwa juujuu njia mbili hizi zinafanana sana. Lakini anayesema rasmi kwamba zinalingana au hazilingani ni NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Wewe huna mamlaka hayo, mimi sina, na mwajiri pia hana.

Ukiandika "nina stashahada" na baadaye tathmini ikatoka na ngazi nyingine, faili lako litaonekana la mtu aliyedanganya, hata kama hukukusudia. Andika kile ambacho hakuna wa kukipinga: uliingia ukiwa na elimu gani, ulisoma miaka mingapi, ulisomea nini, na cheti chenyewe kinaitwaje. Msomaji wa Mtwara akiona "miaka mitatu ya chuo cha ufundi baada ya darasa la kumi" atajipimia mwenyewe, na mara nyingi atakupimia vizuri. Ukishapata barua ya NACTVET, ongeza sentensi moja inayotaja ngazi uliyopewa na tarehe ya barua.

Kuna mtego mwingine mdogo. Msumbiji neno "diploma" linatumika kwa karatasi ya kuhitimu, hata ya chuo kikuu. Huku diploma ni stashahada. Mtu mwenye shahada akiandika "nina diploma ya chuo kikuu" anajishusha ngazi nzima kwa neno moja.

Nina Licenciatura. Hiyo inakwenda wapi?

Licenciatura ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, kwa kawaida miaka minne baada ya darasa la kumi na mbili, na fani nyingine huzidi hapo. Tathmini ya shahada za nje inafanywa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, siyo NACTVET. Andika "shahada ya kwanza, miaka minne, Msumbiji" na jina la cheti kama lilivyochapwa, ukiongeza kama TCU wameshaitambua au maombi yako bado yako kwao. Kama kazi unayoomba inadai vyeti vya sekondari vilinganishwe pia, hilo ni la NECTA, Baraza la Mitihani.

Na tafadhali, acha kujiita Dk. Najua kwenu mhitimu wa shahada huitwa hivyo kwa heshima, na mtu asipoitwa hivyo anaweza hata kukasirika. Huku ukiandika Dk. watu watadhani wewe ni daktari wa hospitali au una shahada ya uzamivu, na swali la kwanza kwenye usaili litakuwa ni utafiti wako ulihusu nini. Vivyo hivyo "Mhandisi": cheo hicho kinalindwa na sheria ya mwaka 1997, na anayeruhusiwa kukitumia ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kabla ya usajili andika "nimesomea uhandisi wa" kitu fulani.

Wastani wangu ni 14. Kwa nini kila nikiuandika naulizwa maswali?

Kwa sababu msomaji wako amekulia kwenye mizani nyingine, tena zaidi ya moja. Kwenye matokeo ya kidato cha nne mtu anahesabiwa pointi, na kadiri zinavyopungua ndivyo alivyofaulu zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Kwenye vyeti vya ngazi ya nne na ya tano anapewa GPA ambayo mwisho wake ni 4. Kwenye stashahada na chuo kikuu GPA inafika 5. Sasa wewe unakuja na 14 tupu. Mmoja atadhani ni pointi, mwingine atadhani ni asilimia 14 na kuguna.

Mizani ya Msumbiji ni 0 hadi 20. Kufaulu kunaanzia 10. Kuanzia 14 mwanafunzi anahesabiwa amefanya vizuri, na walimu wanaotoa 18 ni wachache. Kwa hiyo andika hivi: "wastani wa 14 kwa mizani ya 0 hadi 20, ambapo kufaulu ni kuanzia 10." Basi. Usigeuze kuwa GPA kwa hesabu yako. Ukigawanya 14 kwa 20 unapata asilimia 70, lakini asilimia 70 ya mwalimu wa Nampula na asilimia 70 ya mwalimu wa Mtwara hazikupatikana kwa namna moja, na namba ya kujitungia ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka.

Uzoefu wangu je? Kiwanda nilichofanyia kazi hakuna anayekijua huku.

Hapa ndipo una bahati kuliko mwalimu au mhasibu aliyevuka mpaka. Vyeti vinahitaji wakalimani, lakini korosho inapimwa namna moja pande zote mbili za Ruvuma, kwa sababu wanaoinunua ni wale wale. Gunia la hesabu ni la kilo 80 kule na huku, na KOR, yaani paundi za korosho inayofaa zinazotoka kwenye gunia hilo, inahesabiwa namna moja. W320 ni W320, yaani korosho nyeupe nzima zinazofika hadi 320 kwa paundi moja. Hata msimu unalingana, maana kwenu na kwetu mavuno yanaanza kuchanganya mwezi wa kumi.

Kwa hiyo jina la kiwanda litaje, lakini usilitegemee. Eleza kilivyokuwa: kilipokea tani ngapi za korosho ghafi kwa mwaka, kilibangua kwa mashine au kwa mikono, wewe ulisimama sehemu gani ya mstari. Mapokezi na upimaji? Kupika kwa mvuke? Kubangua? Tanuri la kukaushia kabla ya kumenya ganda la ndani? Kupanga madaraja? Kufungasha kwenye mifuko ya paundi 50, yaani kilo 22.68? Kila sehemu ina watu wake, na meneja wa kiwanda akisoma "tanuri na umenyaji" anajua mara moja akuweke wapi.

Halafu sema misimu, siyo miaka mitupu. Mwajiri wa Mtwara anafikiri kwa misimu. "Miaka sita" inaweza kuwa mtu aliyeajiriwa mwaka mzima, au kibarua wa miezi mitatu kila mwaka, na tofauti yake ni kubwa. "Misimu sita mfululizo, ajira ya mwaka mzima" haina utata.

Vipi kuhusu cheo? Nilikuwa mkuu wa ubora.

Mkuu wa watu wangapi? Cheo peke yake kinadanganya hata bila wewe kukusudia. Kuna viwanda ambavyo mkuu wa zamu anasimamia watu wanne na mizani moja, na vingine anasimamia ukumbi wa wabanguaji mia mbili. Andika idadi ya watu uliowaongoza na uamuzi uliokuwa mikononi mwako. Je, uliweza kukataa shehena peke yako, au uliandika ripoti na mwingine akaamua? Mimi nikisoma barua, sentensi hiyo ndiyo naitafuta kwanza.

Tuonyeshe mfano wa wasifu mbaya na ulivyorekebishwa.

Mfano huu nimeutunga, lakini makosa yake ni yale yale ninayoyaona kila msimu. Mwombaji ni fundi wa ubora kutoka Nampula. Aliandika hivi:

"Mimi ni Técnico Médio wa usindikaji wa mazao, nimehitimu na diploma Nampula kwa wastani wa 14. Nina uzoefu wa miaka sita katika kiwanda kikubwa cha korosho nikiwa mkuu wa ubora. Pia nilinunua korosho vijijini kwa wakulima. Ni mchapakazi, mwaminifu, na naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote."

Hakuna uongo hapo. Ila kila sentensi ina kitu ambacho afisa utumishi wa Masasi au Nachingwea atakisoma visivyo. "Diploma" atadhani ni stashahada iliyothibitishwa. "14" haina mizani. "Kikubwa" ni kwa kulinganisha na nini? Na sentensi ya vijijini, ambayo mwandishi aliiweka kwa kujivunia, ndiyo mbaya kuliko zote, nitaieleza hapo chini. Sifa za mwisho kila mwombaji anazo, kwa hiyo hazimwongezei kitu.

Baada ya kuandikwa upya:

"Ni fundi sanifu wa usindikaji wa mazao, raia wa Msumbiji, naishi Mtwara Mjini. Nilisoma chuo cha ufundi Nampula kwa miaka mitatu baada ya darasa la kumi na kupata cheti kinachoitwa Técnico Médio, kwa wastani wa 14 katika mizani ya 0 hadi 20, ambapo kufaulu ni kuanzia 10. Cheti na tafsiri yake ya Kiingereza vimewasilishwa NACTVET kwa tathmini. Kuanzia 2018 hadi 2023 nilifanya misimu sita, ajira ya mwaka mzima, idara ya ubora katika kiwanda kilichopokea takriban tani 3,000 za korosho ghafi kwa mwaka. Misimu miwili ya mwisho niliongoza zamu ya wapimaji wanne: tulipima unyevu, tukakata sampuli na kuandika KOR ya kila shehena kabla ya malipo, nami nilikuwa na mamlaka ya kuzuia shehena isiingie ghalani. Wawili kati ya hao wanne niliwafundisha kazi kuanzia mwanzo. Ripoti niliandika kwa Kireno. Kiswahili nazungumza na kuandika. Kiingereza nasoma lebo na hati za mzigo. Natafuta kazi ya upimaji ubora kiwandani au ghalani, na niko tayari kupima sampuli mbele yenu."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, sawa. Lakini haina neno la kumfanya msomaji akisie, na sentensi ya mwisho inamwita mwajiri mezani.

Hiyo sentensi ya kununua vijijini ina ubaya gani?

Ina harufu ya kangomba. Kwetu korosho ghafi ya mkulima inapita AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, inaingia ghala kuu kwa stakabadhi ghalani, na inauzwa mnadani kupitia vyama vikuu: MAMCU, TANECU, RUNALI, Lindi Mwambao. Anayezunguka vijijini na mizani au bakuli kununua korosho kwa wakulima nje ya mfumo huo ni mtu wa kangomba, na kangomba ni kosa. Mameneja wengine wameshasumbuliwa na wafanyakazi wa aina hiyo, kwa hiyo wakiona maneno "nilinunua vijijini" wanaweka barua pembeni bila kuuliza zaidi.

Kwenu ni biashara halali, mfanyabiashara ananunua moja kwa moja kwa mkulima. Kama ndiyo kazi uliyofanya, usiifiche, ina thamani kubwa: mtu aliyenunua shambani anaijua korosho mbichi kabla hata ya kuikata. Iandike na maelezo yake: "Nilikuwa mnunuzi wa kampuni yenye leseni, mfumo wa Msumbiji unaruhusu kampuni kununua moja kwa moja kwa mkulima. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu na ubora kabla ya bei kukubaliwa." Hapo umemwonyesha pia kwamba unafahamu mfumo wa Tanzania ni tofauti, na hilo peke yake linamtuliza.

Mwajiri atajuaje kwamba kweli naweza kupima, wakati cheti changu hakijatambuliwa?

Kwa kukupa kilo moja ya korosho ghafi, kisu na mizani. Ndiyo maana nasisitiza ile sentensi ya kujitolea kupima mbele yao. Lakini usiiandike kama hesabu yenyewe umeisahau, kwa hiyo tuipitie.

Unachukua sampuli kutoka magunia mbalimbali ya shehena, siyo kutoka gunia moja la juu, unachanganya na kupima kilo moja kamili. Unahesabu punje. Unazikata zote, unatoa korosho na ganda lake la ndani, unazitenga mafungu matatu: nzuri kabisa, zenye madoa au zisizokomaa ambazo bado zina kitu cha kuliwa, na zilizooza au tupu. Fungu la nzuri linahesabiwa uzito wote, la pili linahesabiwa nusu, la tatu halihesabiwi.

Tuseme umepata gramu 262 za nzuri na gramu 40 za madoa. Nusu ya 40 ni 20, jumla 282. Hizo ni gramu kwa kilo moja; gunia la hesabu ni kilo 80, kwa hiyo gramu 22,560, yaani kilo 22.56. Kilo moja ni paundi 2.2046. Unapata paundi 49.7 kwa gunia, na hiyo ndiyo KOR inayoandikwa kwenye karatasi.

Aliyezoea kazi hii anajulikana kabla ya kufika kwenye namba. Anatenga fungu la pili haraka bila kubabaika, na akifika kwenye punje yenye doa dogo hajadiliani nayo. Asiyezoea anaziweka punje zote zenye wasiwasi kwenye fungu la nzuri, KOR inapanda, na mwajiri analipia korosho ambayo hatakuja kuiona mwisho wa mstari. Dalili nyingine: mpimaji mzuri ataulizia unyevu hata hujamwambia, maana shehena yenye unyevu uliozidi asilimia 10 ikikaa ghalani inaota ukungu, na KOR uliyoipata leo haitakuwepo baada ya mwezi.

Je, niandike kwenye wasifu kwamba nahitaji kibali cha kazi?

Andika kwamba wewe ni raia wa Msumbiji, inatosha. Mwajiri anayejua kazi yake ataelewa mengine. Lakini ni vizuri wewe ujue anachofikiria anapokusoma, maana kinabadilisha unachopaswa kukitanguliza.

Sheria ya ajira kwa wasio raia ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aombe kibali kwa Kamishna wa Kazi na aonyeshe kwamba alijitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo. Kwa mtu anayeajiriwa kibali huwa cha daraja B, na kuna kibali cha ukaazi cha Uhamiaji pembeni yake. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24 na kinaweza kuongezwa, ila jumla yake ina ukomo. Na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kurithisha ujuzi wako kwa Watanzania.

Sasa rudi kwenye ule wasifu uliorekebishwa, kwenye sentensi "wawili kati ya hao wanne niliwafundisha kazi kuanzia mwanzo". Watu wanadhani ni pambo. Kwangu ndiyo sentensi inayomrahisishia mwajiri kazi kuliko zote, kwa sababu inampa kitu cha kuweka kwenye mpango wake wa kurithisha ujuzi. Kama umewahi kufundisha mtu yeyote kazi yako, itaje, na sema ulimfundisha nini hasa.

Upande mwingine wa jambo hilo: kama kazi unayoomba ni ya kubeba magunia au kubangua tu, wasifu hata uandikwe kwa wino wa dhahabu, mwajiri hataweza kuonyesha kwamba Mtanzania wa kazi hiyo amekosekana. Omba kazi inayohitaji ujuzi wako.

Niandike kwa lugha gani?

Kwa viwanda na maghala ya huku, Kiswahili. Kampuni za nje zinazonunua mnadani hupenda Kiingereza, basi wape cha Kiingereza. Kireno kisionekane kwenye wasifu zaidi ya jina la cheti. Vyeti vyenyewe viambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mtafsiri anayetambulika. Usitafsiri mwenyewe hata kama unaweza.

Kuhusu lugha unazozijua, acha maneno kama "vizuri sana" na "wastani". Sema unafanya nini kwa kila lugha. Mtu wa Mocímboa au Palma anazungumza Kiswahili tangu utotoni, lakini hajawahi kuandika ripoti kwa Kiswahili shuleni wala kazini, na mwajiri atataka kujua hilo mapema.

Vyeti vyangu vilipotea nilipokimbia Cabo Delgado. Nifanyeje?

Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia mwezi wa kumi 2017, watu wengi wako kwenye hali hiyo, na waajiri wa Mtwara wanaijua kuliko waajiri wa mikoa mingine. Sema ukweli kwa sentensi moja: umesoma wapi, umehitimu mwaka gani, cheti kimepotea, nakala umeiomba chuoni tarehe fulani. Usieleze masaibu yote kwenye wasifu. Hayo yana mahali pake. Kama chuo kilikuwa Nampula, kumbukumbu zako huenda ziko salama, kwa hiyo anza huko, na mtume ndugu aliyeko kule akiwa na barua yako ya kumruhusu.

Wakati unasubiri, ambatanisha chochote kinachokuweka kazini: hati ya mshahara, kitambulisho cha kiwanda, hata picha ya karatasi ya shehena yenye sahihi yako iliyobaki kwenye simu. Ila ifiche bei na jina la mteja kabla ya kuituma. Mwajiri akiona unasambaza siri za bosi wako wa zamani atajiuliza za kwake utazipeleka wapi.

Jina langu kwenye vyeti ni refu na kwenye hati ya kusafiria limekatwa. Ni tatizo?

Ni tatizo dogo linalochelewesha mambo makubwa. Wasifu, CV na barua vyote vitumie jina kama lilivyo kwenye hati ya kusafiria. Kama cheti kina jina la ziada, liandike mara moja kwenye CV, chini ya elimu.

Wadhamini wangu wako Msumbiji na hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Nimuweke nani?

Mweke yule aliyekusimamia kazi, hata kama anajua Kireno tu. Usimbadilishe na mjomba anayezungumza Kiswahili. Ila mrahisishie mwajiri: mwombe mdhamini aandike barua fupi kwa Kireno yenye tarehe ulizofanya kazi, sehemu uliyokaa na idadi ya watu uliowaongoza, ifanyiwe tafsiri pamoja na vyeti. Namba zake na zile za kwenye wasifu zifanane. Nimeona wasifu unasema wapimaji wanne na barua ya msimamizi inasema wawili. Pengine wote walikuwa sahihi, kila mmoja akihesabu msimu tofauti, lakini aliyebaki na maswali ni mwajiri.

Weka namba ya simu yenye 258 mbele, na uandike kama anapatikana kwa WhatsApp. Kisha taja saa za kumpigia kwa saa za Tanzania. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, na maofisa wetu wanapenda kupiga simu za namna hii mara tu wanapofungua ofisi, saa moja na nusu asubuhi. Kule inakuwa saa kumi na mbili na nusu, mzee wa watu bado anatafuta viatu vyake, na simu isiyopokelewa huandikwa "mdhamini hapatikani".